Kisangani: Nakala ya data haitoshi, hesabu nzito zingoje usiku

Kila mwanzo wa mwezi, vituo vya afya vya Tshopo vinapeleka ripoti kwenye ofisi za zoni zao. Jimbo lina zoni za afya 23, na tano ziko mjini Kisangani: Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga. Namba za malaria, chanjo na uzazi zinaandikwa katika DHIS2, programu iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumiwa na Wizara ya Afya ya Congo.

Shida inakuja siku hizohizo. Karani anaandika, na wakati huohuo wakubwa wake wanafungua grafu za mwaka mzima. Wote wakitumia hifadhidata moja, karani ndiye anayeumia: anabonyeza, na ukurasa unazunguka tu.

Dawa ya kwanza ni nakala ya kusoma. PostgreSQL, hifadhidata ya DHIS2, inaweza kupeleka kila badiliko kwenye seva ya pili ambayo haikubali kuandikwa. Katika faili `dhis.conf` fundi anaongeza:

```
read1.connection.url = jdbc:postgresql://10.0.0.12/dhis2
```

Toka hapo, maswali ya grafu yanaweza kujibiwa na nakala.

Lakini wengi wanakosea hapa. Grafu hazisomi namba zilizoandikwa na karani moja kwa moja. Zinasoma majedwali ya uchambuzi, ambayo DHIS2 inayajenga upya kwa kupitia data yote. Kazi hiyo ni ya kuandika, kwa hiyo inafanyika kwenye seva kuu, hata kama kuna nakala tano. Ndiyo sababu inapangwa usiku.

Na usiku wa nani? Seva nyingi zinafuata saa ya UTC, huku Kisangani ikiwa mbele kwa saa mbili, na Kinshasa kwa saa moja. Tuseme fundi amepanga kazi saa 01:00 na inachukua saa tano. Kisangani itaanza saa tisa ya usiku na kumalizika saa mbili asubuhi, makarani wakiwa tayari wamekaa. Afadhali aiweke 20:00 ya seva, yaani saa nne ya usiku Kisangani, imalizike saa tisa.

Mpango huu una bei yake. Namba iliyoandikwa leo mchana itaonekana kwenye grafu kesho. Karani asiyejua hilo anadhani kazi yake imepotea. Afungue tena fomu aliyojaza: namba ikiwemo, iko salama, inangoja usiku tu.

Ikiwa asubuhi grafu bado ni za juzi, fundi aangalie kwanza kama kazi ya usiku ilimalizika. Kama ilimalizika, huenda nakala imebaki nyuma. Kwenye nakala, `pg_last_xact_replay_timestamp()` inaonyesha saa ya badiliko la mwisho lililofika. Ila seva kuu ikiwa kimya, saa hiyo itaonekana ya zamani bila kosa lolote.