"Mashaallah, dawa nzuri": kwa nini kompyuta inakosea kusoma maoni ya Wapemba

Tuseme timu ya afya Chake Chake imetangaza mtandaoni siku ya kumeza dawa ya kichocho, na maoni yamemiminika. Mkuu wa timu anataka jibu moja tu: watu wanaikubali dawa au wanaikataa? Hebu soma haya manne. Nimeyatunga mwenyewe, ila ukiishi Pemba utayatambua.

```
1. Inna lillahi. Babu kaondoka kwa kichocho. Wanangu watameza wote
2. Mwanangu alitapika sana, hakula. Next time muwape chakula kwanza plz
3. Mashaallah dawa nzuri, ila mie sitomeza
4. Thanks kwa msaada, mtumalizie kizazi vizuri 😂
```

Njia rahisi ya kuchambua hisia ni orodha ya maneno: "nzuri" chanya, "tapika" hasi, kisha unajumlisha. Kwa njia hiyo, namba 1 na 2 ni hasi, 3 na 4 ni chanya. Sasa soma tena kama binadamu. Wa kwanza anaomboleza, lakini wanawe watameza. Wa pili analalamika, lakini anataka zoezi liendelee, watoto wale kwanza. Wa tatu anasifu na kukataa papo hapo. Wa nne anakejeli, na ndani ya kejeli yake mna hofu kwamba dawa inaua uzazi. Yaani kompyuta imekosea yote manne!

Kosa la kwanza ni letu sisi tulioiuliza. Tumeuliza hisia, wakati mkuu wa timu anataka msimamo. Mtu anaweza kuwa na huzuni kuhusu ugonjwa na bado akaikubali dawa. Kwa hiyo kila oni lipewe lebo mbili: hisia (chanya, hasi, kati) na msimamo kuhusu dawa (anakubali, anakubali kwa sharti, anakataa, haijulikani). Seti maarufu ya AfriSenti ya 2023, yenye tuwiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ina lebo za hisia tu. Modeli iliyofunzwa kwa seti hiyo inakupa lebo ya kwanza. Ya pili itakubidi uitengeneze.

Kosa la pili limo ndani ya kitenzi. Kiingereza huweka neno la kukanusha peke yake. Sisi tunalificha mwanzoni mwa kitenzi. Isitoshe, Zanzibar wengi husema "sitomeza" badala ya "sitameza". Modeli iliyozoea maandishi ya bara huenda haijaliona umbo hilo mara nyingi, ikalikatakata vipande visivyo na maana. Dawa yake ni kutenganisha viambishi kabla ya kuchambua: si-to-meza. Hapo kukanusha kunaonekana wazi.

Kosa la tatu ni kutafsiri kila kitu kwa Kiingereza kwanza. "Inna lillahi" hutamkwa penye msiba. Ukiitafsiri neno kwa neno, msiba unapotea. Ni bora kutia alama ya lugha kwenye kila neno na kuyaacha maandishi yalivyo. Na usifute vikaragosi: bila 😂, namba 4 ina dalili moja pungufu ya kejeli.

Lebo zenyewe ziwekwe na watu wawili wanaoijua lugha ya Pemba, kila mmoja peke yake. Kisha pima wanavyokubaliana. Wakikubaliana kwenye maoni 80 kati ya 100, usishangilie bado, maana hata kwa kubahatisha wangekubaliana mara kadhaa. Tuseme kwa bahati tu wangefikia 50. Kipimo cha kapa kinakuwa (0.80 − 0.50) ÷ (1 − 0.50) = 0.60. Si kibaya, ila rudini mkayasome yale 20 mliyotofautiana. Mara nyingi ndimo kejeli zilimojificha.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Mwaka 2008 huko Morogoro, zoezi la dawa hii hii, prazikwanteli, lilizua uvumi na ghasia mashuleni baada ya watoto kupata madhara. Dawa hii inaweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, na ikimezwa bila chakula hali huwa ngumu zaidi. Namba 2 inahitaji uji. Namba 4 inahitaji mtu wa kukaa na wazee na kuwajibu kuhusu uzazi. Ukizichanganya, utapeleka mhadhara kwa anayeomba uji.

Na hata ukipatia yote, kumbuka umewasikia walioandika tu. Mmoja huenda yuko Maskati, hana mtoto hata mmoja shuleni Pemba. Mama wa Micheweni asiye na simu ya kisasa hayumo kabisa kwenye hesabu yako. Huyo mfuate kwake.