Kaunta ya Leo Huanza Usiku wa Jana

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo Wakenya wengi wanaiita sheria ya Mututho, iliziwekea baa za kawaida saa za kuuza siku za kazi: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Saa sita tu. Mteja anayeingia Ijumaa saa kumi na moja na dakika tano, akavuta kiti na kuagiza, hana habari na yaliyofanyika kabla mlango haujafunguliwa. Lakini kinywaji atakachopewa kinategemea mambo hayo kuliko kinavyotegemea ufundi wa mikono ya anayemhudumia.

Tuchukue baa ya wastani Mombasa, si mbali na ufuo, inayotarajia wateja 80 Ijumaa hiyo. Bia itauzwa zaidi ya kila kitu, kisha vodka, na sehemu kubwa ya vodka itaondoka kama dawa: ndimu, asali, sukari kidogo, vodka na barafu, pamoja na kijiti cha kukorogea kilichopakwa asali. Ni kinywaji kilichopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, na leo hukosi kukipata kwenye kaunta za Pwani. Dawa inafaa kuwa mfano wetu kwa sababu inafichua uzembe upesi. Ikiwa barafu ni mbaya, au ndimu imelala, utajua kwa funda la kwanza.

Tuanze na barafu, maana ndiyo inayoangusha baa nyingi. Wahudumu wazoefu hukadiria kilo moja kwa kila mteja, na huongeza kidogo msimu wa joto. Hesabu hiyo inajumlisha barafu ya kwenye glasi, ya kupozea chupa, na ile inayoyeyuka bure. Kwa wateja wetu 80, basi, tunahitaji kama kilo 80. Sasa angalia mashine. Ikiandikwa kwamba inatoa kilo 50, maana yake ni kilo 50 kwa saa 24, yaani kama kilo mbili kwa saa. Tena kipimo hicho hufanyika mahali penye ubaridi kuliko jikoni mwa Mombasa mwezi wa Februari. Hewa ikiwa ya moto na maji ya bomba ya uvuguvugu, mashine hutoa pungufu. Mhudumu anayeiwasha saa nne asubuhi atakuwa na kilo 14 tu saa kumi na moja jioni, mashine ikifanya kazi vizuri kabisa. Ndiyo maana lazima ifanye kazi usiku kucha, na asubuhi barafu ihamishiwe kwenye friza ili mashine ipate nafasi ya kutengeneza nyingine. Itakayopelea inunuliwe mapema kwa muuzaji anayetumia maji safi ya kunywa. Vipande vikubwa vya barafu vinavyouzwa kwa ajili ya samaki vibaki kwa samaki. Kuganda hakuui vijidudu vyote vilivyomo kwenye maji, na pombe iliyomo kwenye glasi haitoshi kumaliza kazi hiyo.

Barafu yenyewe ina tabia zake. Kilo moja ikiyeyuka hunyonya joto la kutosha kushusha kilo nne za maji kwa nyuzi 20. Nguvu ya kupoza imo katika huko kuyeyuka, kwa hiyo barafu iliyokwisha kuloa imepoteza sehemu ya nguvu hiyo kabla haijafika kwenye glasi. Vipande vidogo vyenye majimaji vikiingia kwenye dawa, mteja hunywa maji mengi na ubaridi kidogo. Sanduku la barafu la kaunta linapaswa kuwa na tundu la kutolea maji chini, na tundu hilo likaguliwe kila siku kabla ya kujaza, kwa kuwa vipande vya ndimu na karatasi huliziba. Jambo rahisi la kuangalia: chota barafu, uinamishe kichoteo kidogo. Maji yakimwagika, barafu imeloa.

Na iwe kichoteo, si glasi. Hili sikubaliani na mtu yeyote anayelilegezea. Glasi ikigonga barafu hupasuka ukingoni, na kipande cha kioo kati ya vipande vya barafu hakionekani kwa macho. Hilo likitokea, au glasi ikivunjika jirani na sanduku lililo wazi, dawa ni moja tu: mwaga sharubati nyekundu juu ya barafu ili kila mtu ajue haiguswi, yeyusha yote kwa maji ya moto, futa sanduku kwa kitambaa cha karatasi, suuza, kisha jaza upya. Kazi hiyo hula muda katikati ya usiku wenye wateja, na ndiyo sababu kichoteo cha akiba kinafaa kuning'inia ukutani kabla ya kufungua.

Ndimu huoshwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Ndimu iliyotoka kwenye friji ni ngumu na hutoa maji kidogo. Itolewe mapema, ibiringishwe mezani kwa kiganja, ndipo ikatwe. Za dawa hukatwa robo na kupondwa ndani ya glasi kwa mchi mdogo wa mbao. Za pembeni mwa glasi hukatwa vipande virefu vyenye mkato katikati ili vikae kwenye ukingo. Ndimu iliyokatwa hukauka uso na harufu yake hufifia, kwa hiyo usikate za usiku mzima kwa pamoja. Kata za saa mbili za kwanza, funika chombo, kiweke juu ya barafu, na nyingine zibaki nzima karibu na kisu. Asali kinyume chake: iwe mbali na barafu. Ikipoa hukaza na kushikamana kwenye kijiti kama donge, nayo haichanganyiki na kinywaji hata mteja akoroge vipi.

Kuna hatari moja ambayo wahudumu wa kaunta za ufukweni hawaambiwi. Maji na mafuta ya ganda la ndimu yakibaki kwenye ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua kali, mikono inaweza kuungua, ikatoa malengelenge na kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Anayekata ndimu mchana aoshe mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kutoka nje kupanga viti.

Glasi nazo zina kipimo chao, na ni kizuri kukitazama. Mhudumu anachukua glasi iliyooshwa, anailowesha maji ndani, anamwaga, kisha ananyunyiza chumvi. Pale palipo safi chumvi inashika sawasawa kama vumbi. Pale penye mafuta inateleza na kuacha kiraka kitupu. Mafuta hayo hutoka kwenye vidole, rangi ya midomo, au glasi kuoshwa pamoja na sahani za nyama choma. Bia ikimiminwa humo povu hufa mara moja na vitone vya hewa hung'ang'ania ukutani mwa glasi, naye mteja hulaumu bia. Sifongo ya glasi iwe ya glasi peke yake. Zikishaoshwa na kusuuzwa zisifutwe ndani kwa taulo; zifudikizwe kwenye wavu zikauke kwa hewa. Zisipachikwe moja ndani ya nyingine, maana hukwama na kupata nyufa, na glasi yenye moto wa kuoshwa isitiwe barafu. Kabla ya kufungua, kila moja ikaguliwe mwangani. Yenye ukingo uliomeguka haina kazi nyingine, itupwe.

Bia ni suala la muda. Chupa zilizotoka stoo zikiwa na joto la Mombasa, zikapangwa zimebanana kwenye friji, huhitaji mchana mzima kupoa vizuri hadi katikati. Zikiingizwa saa tisa, wateja wa kwanza watakunywa bia ya uvuguvugu. Njia ya dharura ipo: beseni lenye barafu, maji na konzi kadhaa za chumvi. Maji hugusa chupa pande zote, chumvi hushusha joto zaidi, na kwa muda wa nusu saa hivi chupa inapoa. Lakini njia hiyo inakula barafu ileile tuliyoihesabia glasi.

Sasa hesabu ya mzigo. Kanuni ni fupi: ulichoanza nacho, ongeza kilichoingia, toa kilichobaki, jibu ndilo lililotumika. Chupa zilizofunguliwa husomwa kwa sehemu za kumi. Tuseme Ijumaa ilianza na vodka chupa 3.4 za mililita 750, zikaletwa 2 kutoka stoo, na usiku zimebaki 2.7. Zimetumika chupa 2.7, yaani mililita 2,025. Kwa toti ya mililita 30, hizo ni toti 67 na nusu. Vitabu vinaonyesha dawa 20 za toti mbili mbili na toti 21 za kawaida, jumla 61. Zimepotea toti sita na nusu.

Wenye baa wengi hapo huita mtu mwizi. Wangegawanya kwanza: mililita 2,025 kwa toti 61 ni mililita 33 na kidogo kwa kila toti. Mkono unaojaza kipimo hadi kifurike unatosha kuleta upungufu wote huo bila mtu kuiba tone. Tena kosa la sehemu moja ya kumi katika kusoma chupa ni toti mbili na nusu. Upungufu unaojirudia wiki baada ya wiki, kwa zamu ileile, ndio wa kuuliza. Na kabla ya kuuliza, simama kaunta utazame kipimo kinavyojazwa.

Hesabu hiyo haiwezi kufanywa kesho. Hufanywa saa tano usiku, chupa zikiwa zilivyoachwa na mteja wa mwisho, kabla mtu yeyote mwingine hajaingia kaunta. Wakati huohuo ndimu zilizobaki zimekatwa hutupwa, sanduku la barafu humwagwa na kusuguliwa likauke, midomo ya chupa za sharubati na asali hufutwa na kufunikwa ili nzi wadogo wasizaliane, na bia hujazwa kwenye friji: za zamani mbele, mpya nyuma. Mlango wa friji usukumwe hadi ukaze, kisha kipimajoto kisomwe. Ufa mdogo wa mlango huharibu kazi ya usiku kucha. Mashine ya barafu iachwe inafanya kazi, maji yakiwa wazi. Mwisho karatasi moja hubandikwa kaunta kwa mtu wa asubuhi: ndimu kumi na mbili zimebaki, asali nusu chupa, tundu la sanduku linapitisha polepole.

Yote haya huchukua kama saa nzima baada ya mauzo kukoma. Baa nyingi hazilipi saa hiyo, na wahudumu, wakiwa na matatu ya mwisho ya kuwahi, huzima taa na kuondoka. Mwenye baa, iweke saa hiyo kwenye ratiba, ilipe kama saa nyingine, na hakikisha wana usafiri wa kufika nyumbani.