Mapigo Yanayopishana Bila Kugongana

Fundi wa dishi anapotafuta chaneli kwenye king'amuzi, mara nyingi huandika namba 27500 mahali palipoandikwa Symbol Rate. Maana yake ni kwamba setilaiti inatuma alama milioni 27.5 kila sekunde, na kila alama imetengewa nanosekunde 36 hivi. Ndani ya muda huo mfupi, king'amuzi hupima wimbi mara moja na kuamua ni alama gani iliyotumwa.

Njia inayokuja haraka akilini ni kuipa kila alama pigo la mraba, linaloanza na kukoma ghafla. Lakini kitu kinachobadilika ghafla hutawanya nguvu zake kwenye masafa mengi mno, na kingeingilia chaneli za jirani. Kwa hiyo pigo hupitishwa kwenye chujio linalokata masafa ya ziada. Hapo tatizo lingine huzaliwa: pigo lililobanwa kwenye masafa hurefuka kwenye muda. Mkia wake huingia katika zamu ya alama inayofuata, na ya baada yake, na king'amuzi hupima mchanganyiko badala ya alama moja.

Aliyeonyesha njia ya kutoka ni Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani. Katika makala yake ya 1928 kuhusu telegrafu alionyesha kwamba hakuna haja ya kuzuia mapigo yasipishane. King'amuzi hakiangalii wimbi muda wote. Hulipima katika nukta maalumu tu. Basi inatosha kila pigo liwe na kimo kamili kwenye nukta yake, na liwe sifuri kwenye nukta za wenzake wote. Katikati ya nukta hizo, mapigo na yachanganyike yatakavyo.

Upande wa masafa, sharti hilo lina sura nyepesi. Chukua umbo la masafa la pigo, linakili, kisha sogeza kila nakala kwa kiasi cha kasi ya alama. Nakala zote zikijumlishwa na kutoa mstari ulionyooka, alama haziingiliani. Upana mdogo kabisa unaotimiza sharti hilo kwenye mawimbi ya setilaiti ni sawa na kasi ya alama: megahezi 27.5 kwa mfano wetu.

Kwa nini basi tusitumie upana huo mdogo? Kwa sababu umbo lake lina kingo wima, na pigo lake lina mkia unaofifia polepole. Tuseme saa ya king'amuzi imekosea kwa sehemu moja ya kumi ya muda wa alama. Pigo lililo alama kumi mbali bado litaingiza takriban asilimia 1 ya kimo chake. Kuna mamia ya mapigo ya namna hiyo, na ishara zake zikielekea upande mmoja, jumla yake huendelea kukua.

Dawa yake ni kulainisha kingo hizo kwa mteremko wenye umbo la kosaini iliyoinuliwa. Mteremko hupunguza upande mmoja kiasi kilekile inachoongeza nakala ya jirani, hivyo sharti la Nyquist hubaki limetimia. Mkia sasa hufifia haraka sana. Mteremko ukiwa 0.35, mchango wa lile pigo la kumi haufiki hata sehemu moja ya 40 ya ule wa awali. Hata hivyo, pigo la jirani kabisa bado huingiza karibu asilimia 10, kwa hiyo saa nzuri inahitajika vilevile.

Gharama yake ni upana. Mfumo wa DVB-S hutumia mteremko wa 0.35, na alama zetu milioni 27.5 huhitaji megahezi 37.1. DVB-S2 inaruhusu pia 0.20, na hapo hutosha megahezi 33.

Kazi ya kuchuja hugawanywa nusu kwa nusu: mtumaji ana chujio lenye kipeuo cha pili cha umbo hilo, na mpokeaji ana lingine kama hilo, ambalo pia hupunguza kelele. Ndiyo maana wimbi linalotoka kwa mtumaji, likipimwa peke yake, huonyesha alama zinazoingiliana. Usafi hupatikana baada ya chujio la pili.

Mafundi hukagua haya kwa kurundika vipande vya wimbi juu ya kimoja kwenye oskiloskopu, na picha hufanana na jicho. Jicho likifunguka vizuri katikati, nukta za kupimia ni salama. Likifumba ilhali machujio yote mawili yana mteremko uleule na kelele ni ndogo, huenda njia yenyewe imeharibu umbo la pigo, kwa mfano kwa mwangwi wa mawimbi au kwa kebo mbovu. Kubadilisha mteremko hakutaponya hilo. Kinachohitajika ni kisawazishi kinachopima upotoshaji wa njia na kuufuta kabla ya alama kuamuliwa.