Pompe ya mazutu ao ya jua: bei ya dukani haionyeshi gharama yote

Komite ya maji inayotafuta pompe kwa ajili ya foraji ya kartie moja mjini Bunia inakuta bei mbili mbele yake. Tuseme pompe yenye grupu ya mazutu inauzwa dola 3.000, na ile ya pano za jua dola 9.000. Wengi watasema mara moja: tukamate ya kwanza. Lakini mazutu yatanunuliwa miaka yote kumi.

Basi tuandike yote. Grupu itakula dola 1.500 kila mwaka kwa mazutu na fundi, na mwaka wa 5 itabadilishwa kwa dola 1.000. Pompe ya jua itaomba 200 kwa mwaka, na mwaka wa 5 dola 1.500 za kubadilisha pompe yenyewe.

Feza ambazo watu wanalipa kwa bidoni hazihesabiwi hapa, sababu pompe zote mbili zinatoa maji yaleyale na mapato hayabadiliki. Hilo ni sharti kweli: kama siku za mawingu ile ya jua inatoa kidogo, bei ya tanki kubwa zaidi iongezwe upande wake, bila hivyo hesabu ni ya uongo.

Ukijumlisha hivihivi, mazutu inafika 19.000 na jua 12.500. Ila dola ya mwaka wa 10 haina uzito wa dola ya leo. Kama feza inazaa asilimia 10 kwa mwaka, dola 91 za leo zinakuwa karibu 100 mwaka ujao. Kwa hiyo deni la 100 la mwaka ujao ni 91 leo. Unagawanya kila gharama kwa 1,10, mara moja kwa kila mwaka wa kungoja. Ile 1.500 ya kila mwaka, kwa miaka kumi, inakuwa 9.217 za leo, si 15.000.

Kwa thamani ya leo, mazutu ni 12.838, jua ni 11.160. Jua inashinda, lakini kwa dola 1.678 tu, si 6.500.

Na hapa ndipo komite nyingi zinaweza kujidanganya. Kama feza za kununulia ni za mkopo wa asilimia 20, mazutu inashuka hadi 9.691 na jua 10.441. Mshindi amegeuka, wala hakuna bei hata moja iliyobadilika! Riba kubwa inaumiza mwenye kulipa vyote mwanzoni.

Lakini mazutu ya Bunia yanapita barabara ndefu. Yakipanda hata gharama ya mwaka ifike 1.700, kwa riba hiyohiyo ya 20 mazutu inakuwa 10.529, na jua inashinda tena kwa dola zisizofika mia. Komite ianze basi kwa kuuliza mambo mawili: mkopo ni wa riba gani, na mwaka jana grupu ya majirani ilikula mazutu ya dola ngapi.