Mbio za Moyo Zenye Mawimbi Mapana

Mgonjwa anajibu maswali vizuri, presha yake ni 110 kwa 70, ila moyo unamwenda mbio, mapigo yapata 167 kwa dakika. Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo mawimbi yametoka mapana. Akionekana ameketi kitandani anazungumza, ni rahisi mhudumu kuamua kwamba mbio hizi zimeanzia vyumba vya juu vya moyo, kwa kuwa za vyumba vya chini zingekuwa zimeshamwangusha. Uamuzi huo umewaponza wagonjwa wengi. Mtu anaweza kukaa na mbio za vyumba vya chini kwa saa kadhaa na fahamu zake zote anazo, mradi moyo bado una nguvu ya kusukuma damu. Hali ya mgonjwa inatuambia atibiwe kwa haraka kiasi gani. Haituambii mbio zimetoka wapi. Jibu la swali hilo linatafutwa kwenye karatasi.

Kwa kawaida umeme wa moyo huzaliwa chumba cha juu cha kulia, hupita kwenye kifundo kilichopo kati ya vyumba vya juu na vya chini, kisha hushuka kwa matawi mawili, la kulia na la kushoto. Matawi hayo ni kama barabara ya lami: umeme hufika pande zote za vyumba vya chini karibu kwa wakati mmoja. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo mraba mdogo mmoja ni sekunde 0.04. Wimbi la vyumba vya chini, liitwalo QRS, huwa halifiki miraba midogo mitatu. Likifika hapo au kupita, ni pana.

Wimbi hupanuka hasa kwa njia mbili. Huenda mbio zimeanzia juu, lakini tawi moja limeziba tangu zamani, au halijapata muda wa kupumzika kwa sababu ya kasi. Umeme hushuka kwa tawi lililo wazi, kisha hujipenyeza polepole ndani ya misuli ya upande wa pili. Au huenda mbio zimezaliwa ndani ya misuli ya vyumba vya chini, mara nyingi pembeni mwa kovu la shambulio la moyo, na umeme unasambaa kutoka seli hadi seli bila kufuata matawi. Kwa macho ya haraka, karatasi hizi mbili hufanana sana.

Mgonjwa wetu wa mfano ana miaka 62, na miaka minne iliyopita alipata shambulio la moyo. Habari hiyo peke yake ina uzito kuliko vipimo vingi. Kati ya watu wazima wanaofika hospitali na mbio za mawimbi mapana, takriban 8 katika kila 10 huwa na mbio za vyumba vya chini. Kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo, ni zaidi ya 9.

Sasa tuiweke karatasi yake mezani. Mawimbi ya QRS yamefuatana kwa mpangilio mmoja, kila moja lina upana wa miraba midogo minne, na kutoka moja hadi jingine ni miraba tisa. Ukigawa 1500 kwa 9 unapata zile 167. Lakini tazama mstari wa chini, ule mrefu. Baada ya QRS moja kuna kijivimbe kidogo ambacho majirani zake hawana. Mbele yake, miraba 40 baadaye, kuna kingine. Chukua kipande cha karatasi, weka alama kwenye vijivimbe hivyo viwili, kisha gawa umbali katikati. Kwenye mraba wa 20 utakuta wimbi T lina kikunjo ambacho mengine hayana, kwa maana kijivimbe cha tatu kimefunikwa humo. Hayo ni mawimbi P, alama ya vyumba vya juu, na yanakuja kila baada ya miraba 20: mapigo 75 kwa dakika. Vyumba vya juu vinapiga 75, vya chini 167, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Hapo jibu limepatikana: vya chini vimeshika hatamu.

Ukiendelea kutazama utaona pigo moja jembamba, la miraba miwili tu, limewahi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Umeme wa juu umebahatika kushuka kwa njia yake ya kawaida kabla misuli haijaanza mzunguko mwingine. Pigo hilo linaonyesha kuwa matawi yote mawili ni mazima, hata katika kasi hii. Kwa hiyo upana wa mengine hautokani na tawi lililochoka.

Utengano huo unaweza kuonekana hata shingoni. Mara kwa mara mshipa hututumka kwa nguvu, tena bila mpangilio, kila vyumba vya juu vinapojikaza wakati milango ya chini imefungwa na damu kurudi juu.

Si kila karatasi inasema waziwazi hivyo. Mara nyingi mawimbi P hayaonekani, na kwa wagonjwa wengine umeme hupanda kutoka chini na kuviamsha vyumba vya juu, hivyo utengano haupo kabisa. Kutoyaona mawimbi P hakumwondolei mtu mbio za vyumba vya chini. Hapo ndipo unapofaa utaratibu uliochapishwa na Pedro Brugada na wenzake mwaka 1991, baada ya kuchunguza mbio 554. Mojawapo ya hatua zake ni kutazama mwanzo wa wimbi katika V1 hadi V6. Umeme ulioshuka kwa tawi huanza kwa kasi na kuchelewa mwishoni. Uliozaliwa ndani ya misuli huanza taratibu tangu mwanzo. Kama kutoka mwanzo wa mpando hadi kina cha mshuko unaofuata ni zaidi ya sekunde 0.10, yaani miraba miwili na nusu, asili yake ni chini. Hata hivyo, utaratibu huu huweza kumdanganya msomaji kwa mtu aliyezaliwa na njia ya ziada ya umeme, kwani njia hiyo nayo humwaga umeme moja kwa moja kwenye misuli.

Kosa la upande mmoja ni ghali kuliko la upande wa pili. Mwenye mbio za vyumba vya chini akipewa verapamili, dawa inayofaa mbio nyingi za juu, mishipa yake hulegea, moyo hudhoofika, presha huporomoka, na anaweza kufia hapo hapo. Lakini mwenye mbio za juu akipigwa mshtuko wa umeme uliopangwa ugonge sawia na QRS, baada ya kulazwa usingizi, mara nyingi moyo wake nao hutulia. Ndiyo maana kanuni ni hii: ukiwa na shaka, mtibu kama mwenye mbio za vyumba vya chini.

Kuna ushahidi mmoja ambao daktari hawezi kuutengeneza usiku wa dharura, nao ni karatasi iliyopimwa siku moyo ulipokuwa umetulia. Kama QRS ya siku hiyo ilikuwa pana kwa umbo lile lile la leo, tawi liliziba zamani, na mbio huenda zimetoka juu. Kama ilikuwa nyembamba, shaka yote inaelemea chini. Wewe uliyewahi kuambiwa una tatizo la moyo, omba nakala ya kipimo chako, ipige picha na uiweke kwenye simu, na mwonyeshe mtu wa nyumbani ilipo.