Bei ya Diski Kuukuu

Wiki hii nazungumzia diski za gemu, kwa sababu mpwa wangu wa Chikongola, hapa Mtwara, alinijia amenuna. Alipeleka dukani diski tatu za PS4 ili aziuze, akaambiwa zote ni shilingi 30,000. "Mjomba," akaniambia, "moja tu niliinunua kwa zaidi ya laki moja!" Nikafuatana naye kurudi dukani nisikilize hesabu hiyo.

Mwenye duka hakutuficha. Alisema yeye haulizi diski ilinunuliwa kwa kiasi gani. Anauliza mteja ajaye atatoa kiasi gani, na atakuja lini. Katika bei hiyo anaondoa kodi ya pango, faida yake, na hofu ya diski kurudishwa kesho kwa kuwa haichezi. Hivyo mara nyingi kinachobaki kwa muuzaji ni karibu nusu au pungufu.

Tukaanza na FIFA 23. Hiyo angeiuza 20,000, akampa kijana 8,000. Gemu za mpira huoza upesi kama samaki. Kwa kawaida toleo jipya hutoka kila mwaka mwezi wa Septemba, likiwa na wachezaji waliohama timu, na lile la zamani halitamaniki tena. FIFA 23 ilitoka Septemba 2022, na mwaka mmodi baadaye ikaja EA Sports FC 24. Aliyeuza Julai alipata bei, aliyengoja Oktoba alipata makombo.

Ya pili ilikuwa God of War ya mwaka 2018. Hiyo ni hadithi, wala haina msimu wa ligi. Angeiuza 35,000, akatoa 18,000. Diski za namna hii zaweza kusubiri, na kwetu Kusini ni heri zisubiri minada ya korosho, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Fedha ikiingia mjini diski haikai rafuni, na mwenye duka hulegeza mkono.

Mzozo ulikuwa kwenye ya tatu, GTA V. Alitoa 4,000 tu kwa sababu ya mikwaruzo. Aliiinamisha chini ya taa, akatuonyesha. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hukata kila mstari wa data kidogo tu, na mashine hujaziliza palipokatika. Unaozunguka kama duara hufuata mstari wenyewe, ukafuta sehemu ndefu. Ndiyo maana diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, wala si kwa kuzungusha. Vijana wetu watokao Msimbati na mchanga vidoleni, wakafuta kwa fulana, wanajitia hasara wenyewe.

Nikauliza kama haiwezi kusuguliwa kwa mashine. Akajibu kwamba za PS2 zawezekana, maana nyingi ni DVD, na data yake iko katikati ya unene wa diski. Ya PS4 ni Blu-ray, data yake iko sehemu ya kumi tu ya milimita chini ya uso. Ukiisugua unaondoa ngozi inayoilinda.

Hapo nikaomba jambo moja, nalo ndilo nataka mlishike. Diski ya PS4 ikiingizwa mara ya kwanza, mashine huinakili gemu yote ndani yake. Kwa hiyo gemu iliyokwisha nakiliwa ikifunguka, si ushahidi kwamba diski nzima inasomeka. Jaribio la haki ni kuifuta gemu kwenye mashine, kukata intaneti isivute bando, kisha kuingiza diski na kuiacha inakili hadi mwisho. Mbovu hukwama njiani au hutoa ujumbe wa kosa. Ukifuta gemu yenyewe tu, kumbukumbu za mchezaji hubaki.

Tulikaa kwenye benchi tukingoja. Ilinakili yote bila kukwama. Mwenye duka akapandisha ile 4,000 ikawa 12,000, jumla 38,000. Akaongeza kwamba kijana akichukua diski nyingine badala ya fedha taslimu, atamhesabia 45,000. Ndivyo maduka yafanyavyo, maana diski inayotoka ina faida yake ndani. Lakini 45,000 hiyo ina maana tu kama diski unayoitaka haijapandishwa bei. Uliza kwanza bei yake ya fedha taslimu, ndipo utaje kwamba unabadilisha.

Mpwa wangu alichukua fedha, kwa kuwa alidaiwa kodi ya chumba. Na FIFA yake ijayo, kwa jina lolote itakaloitwa, ameapa kuiuza Julai.