Bei Ipandapo, Nani Huondoka Dukani? Hisabu ya Sukari na Vitenge

Kila masika inapokaribia, na viwanda vya sukari nchini Tanzania vikajiandaa kuzima mitambo kwa ajili ya matengenezo, kwa kuwa mvua huzuia miwa kukatwa na kusafirishwa, wafanyabiashara wa Kariakoo hurejea katika swali lile lile: bei ikipanda, wanunuzi wangapi watabaki? Afisa mmoja mwenye dhamana katika mambo ya bei, ambaye hakupenda jina lake litajwe, analo jibu tayari, na hulitoa kwa yakini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Asema kwamba sukari ni kitu cha lazima, na kwamba kwa hisabu walizo nazo bei ikipanda kwa asilimia 10, mauzo hupungua kwa asilimia 2 tu, na kwa hiyo wala serikali haina sababu ya kuhofia mapato yake ya kodi, wala mwenye duka hana sababu ya kulalamika.

Walakini mwenye duka analalamika, na daftari lake lastahili kusomwa kabla hisabu za afisa hazijakubaliwa.

Mfanyabiashara huyu huuza sukari upande mmoja wa duka na vitenge upande wa pili, jambo ambalo si la kawaida sana siku hizi, lakini kwa shabaha yetu lafaa mno, maana bidhaa mbili zilipanda bei kwa kadiri moja, katika majira mamoja, mbele ya wateja wale wale. Sukari ilipanda kutoka shilingi 3,000 hadi 3,300 kwa kilo, na mauzo ya juma yakashuka kutoka kilo 400 hadi kilo 388. Doti ya kitenge ilipanda kutoka shilingi 30,000 hadi 33,000, na mauzo yakashuka kutoka doti 100 hadi doti 80. Maduka ya jirani nayo yalipandisha vivyo hivyo, kwa kuwa bei ya jumla ilikuwa imepanda kwa wote.

Unyumbufu wa mahitaji, yaani kadiri mahitaji yanavyoitikia bei, hupatikana kwa kugawa asilimia ya badiliko la kiasi kinachonunuliwa kwa asilimia ya badiliko la bei. Dhana hii ilipewa umbo lake la kitaalamu katika kitabu kilichochapwa Uingereza mwaka 1890, na tangu hapo kanuni yenyewe haijabadilika sana. Lililo gumu ni asilimia hizo zihesabiwe kutoka wapi. Ukianzia bei ya zamani, kitenge kimepanda kwa asilimia 10 na mauzo yameshuka kwa asilimia 20, na jibu ni 2. Lakini ukisafiri njia hiyo hiyo kinyume, bei ikashuka kutoka 33,000 hadi 30,000 na mauzo yakapanda kutoka doti 80 hadi 100, bei imeshuka kwa asilimia 9.1 na mauzo yamepanda kwa asilimia 25, na jibu huwa 2.75. Duka ni lile lile na wateja ni wale wale, ila majibu ni mawili.

Ndiyo maana wenye kuijua kazi hii hugawa kwa wastani wa mwanzo na mwisho. Tofauti ya bei ya kitenge ni 3,000 na wastani wake 31,500, ambayo ni asilimia 9.5, tofauti ya mauzo ni doti 20 na wastani wake 90, ambayo ni asilimia 22.2, na gawio lake ni 2.3, uende mbele au urudi nyuma. Kwa sukari, bei imebadilika kwa asilimia 9.5 vile vile, ilhali mauzo yamepungua kwa kilo 12 juu ya wastani wa 394, yaani asilimia 3, na gawio ni 0.3. Alama ya kutoa, ambayo kwa haki ingetangulia mbele ya majibu yote mawili kwa kuwa bei na mauzo huenda njia mbalimbali, aghalabu huachwa.

Mpaka ni 1. Jibu likiwa chini ya 1, kupandisha bei huongeza fedha inayoingia; likiwa juu ya 1, huipunguza. Mapato ya sukari yalipanda kutoka shilingi 1,200,000 hadi 1,280,400 kwa juma, na ya vitenge yakashuka kutoka shilingi 3,000,000 hadi 2,640,000. Sababu yake yafahamika na kila anayenunua: chai ya asubuhi na uji wa watoto havina badali ya karibu ya sukari, na haja yake hairuhusu kungoja, ilhali kitenge kipya chaweza kuahirishwa hadi Idi, au nafasi yake ikachukuliwa na kanga, au na kile cha mwaka jana kilichomo sandukuni.

Hapa ndipo afisa angetaka tusimame, na hapa ndipo mfanyabiashara anapoanza. "Watu huona fedha ya sukari imeongezeka wakadhani nimetajirika," asema. "Bei ya jumla imenipandia shilingi 300, nami nimempandishia mteja shilingi 300. Nilikuwa nikipata shilingi 150 kwa kilo, na sasa napata 150 ile ile, kwa kilo chache zaidi. Hiyo ziada imepita mkononi mwangu ikaenda zake juu." Hisabu yamthibitisha: faida yake ya juma katika sukari imeshuka kutoka shilingi 60,000 hadi 58,200, ijapokuwa mapato yamepanda. Unyumbufu mdogo hueleza fedha inayotoka mfukoni mwa mnunuzi. Hauelezi ni nani atakayebaki nayo.

Lalamiko lake la pili ni zito zaidi. Baada ya kusikia kwamba sukari ni kitu cha lazima na kwamba mnunuzi hana pa kukimbilia, alijaribu kurudisha faida yake kwa kupandisha peke yake hadi shilingi 3,500. Juma lile aliuza kilo 260. Kwa kugawa kwa wastani, mauzo yalipungua kwa asilimia 39.5 kwa badiliko la bei lisilofika asilimia 6, na unyumbufu ukawa karibu 6.7, karibu mara tatu ya ule wa vitenge. Sukari haikugeuka kuwa anasa kati ya juma moja na jingine. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza badali ya sukari yake ilikuwa ni kunywa chai kavu, na safari ya pili ilikuwa ni sukari ile ile, hatua ishirini mbele, kwa shilingi 3,300. Basi bidhaa haina unyumbufu wake wa kuzaliwa nao. Sharti kwanza ielezwe kama inayopandishwa bei ni sukari ya nchi nzima, au ya mtaa, au ya duka moja.

Wala wanunuzi wote si wa namna moja. Mwenye mshahara haoni sana ongezeko la shilingi 300, kwa kuwa sukari ni sehemu ndogo ya matumizi yake. Anayenunua robo kilo kwa fedha ya kutwa huliona mara moja, na mama lishe, asiyethubutu kupandisha bei ya kikombe cha chai, hupunguza kijiko. Kadhalika bei yenyewe inavyozidi kupanda ndivyo unyumbufu unavyokua: ongezeko la shilingi 300 juu ya 3,000 laweza kupita kimya, na ongezeko lile lile juu ya 4,500 likawafukuza hata waliovumilia mwanzo.

Turudi sasa kwa ile asilimia 2 ya afisa. Alipoulizwa imepimwaje, alijibu kwamba imetokana na kulinganisha bei za sokoni na shehena zinazotoka maghalani, pamoja na miezi ya uhaba. Jibu hilo lina kasoro mbili ambazo mfanyabiashara yeyote angezitambua. Ya kwanza ni kwamba sukari ya magendo haipiti katika ghala linalohesabiwa, na huongezeka pale hasa bei inapopanda. Ya pili ni kubwa kuliko hiyo: wakati wa uhaba, kama ule wa mwanzo wa mwaka 2024 mvua za El Nino zilipozuia uvunaji wa miwa, watu hununua kidogo kwa sababu haipo, na upungufu wa namna hiyo hauonyeshi hata kidogo wangenunua kiasi gani kama ingekuwapo. Unyumbufu wa mahitaji hupimwa pale bei inapobadilika na rafu ikiwa imejaa.

Hata tukiikubali tarakimu yake, hailingani na ahadi yake nyingine. Afisa huyo huyo asema kwamba pengo la sukari wakati wa masika ni dogo, na kwa hiyo bei haitaruka. Lakini kama bei ikipanda kwa asilimia 10 mauzo hushuka kwa asilimia 2 tu, basi kinyume chake ni kwamba ili walaji waridhike na sukari iliyopungua kwa asilimia 10, bei sharti ipande kwa kiasi cha asilimia 50. Hili si jambo geni. Makadirio ya Kiingereza yaliyochapwa mwaka 1699 yalionyesha kwamba mavuno ya nafaka yakipungua kwa sehemu moja katika kumi, bei hupanda kwa sehemu tatu katika kumi, na yakipungua kwa nusu, hupanda kwa zaidi ya mara nne. Uthabiti wa mahitaji anaojivunia afisa ndio unaofanya pengo dogo lizae bei kubwa. Yamkini moja ya kauli zake ni kweli. Zote mbili ni vigumu.

Muda nao una hukumu yake. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili kuwazuia waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Mafuta hayo yalikuwa yakihesabiwa miongoni mwa vitu vya lazima nyumbani, na bado matumizi yake yalishuka sana katika miaka iliyofuata. Sehemu ya upungufu huo ilikuwa ya wachanganyaji, ambao hawakuwa walaji wa kweli, na sehemu ilikuwa ya watu waliopata taa za jua na majiko ya gesi. Badali ikipata miaka ya kuja, cha lazima chaweza kuachwa.

Kwa msimu ujao, ikiwa shehena za sukari kutoka nje zitafika kabla viwanda havijafungwa, bei ya sukari huenda ikapanda kidogo na wateja wakabaki, na wauza vitenge ndio watakaoumia, kwa kuwa shilingi inayoongezwa kwenye chai hutolewa kwenye nguo. Zikichelewa, bei yaweza kufika mahali ambapo hisabu za juma la kawaida hazisemi kitu. Mfanyabiashara wetu amerudi kwenye shilingi 3,300 pamoja na jirani zake, na asema kwamba hatapandisha tena mpaka wapandishe wao kwanza.